Kufunga Julai

Julai ya mwaka 2025 iliisha siku ya Alhamisi. Kwa kampuni moja ya kukamua alizeti yenye kiwanda Singida mjini, iliisha mara nne. Saa tano usiku kwa saa ya Singida, ofisi ndogo ya Dubai ilikuwa tayari imeingia Agosti. Saa sita mwezi ukageuka Singida kwenyewe na kwenye ghala la Dar es Salaam. Saa saba zikafuata Kigali na Lubumbashi, ambako saa iko nyuma ya kwetu kwa saa moja. Saa tisa, jogoo wa kwanza walipoanza kuwika, kompyuta inayotunza mauzo ya Lubumbashi nayo ilifika tarehe mosi, kwa sababu yenyewe inafuata saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, ambayo haimjui mtu wala mji.

Jina la kampuni naliacha, na viasi vya fedha na namba za hati nimezibadili. Njia ya kazi ni ile ile niliyoiona ikifanywa na mhasibu wake mkuu, mama mmoja mtulivu ambaye kijana wa mafunzo anayekaa naye humwamkia kila asubuhi, akaitikiwa, kisha wote wawili hunyamaza mpaka chai ya saa nne.

Msimu ndio unaoifanya Julai kuwa nzito. Alizeti ya Iramba, Mkalama na Ikungi huvunwa kuanzia Mei, na miezi inayofuata magunia hushuka kiwandani mchana na usiku. Mafuta yanayotoka hupakiwa kwenye malori yanayopita barabara ile ile ya Nzega na Kahama hadi Rusumo, au yanayoelekea Kongo. Mashudu huuzwa kwa wafugaji. Kila hatua ina hati, na kila hati ina tarehe na saa iliyopigwa na mtu au mashine kwa desturi ya mahali pake.

Jambo la kwanza analolifanya mama huyu ni kukataa kulifanya lile ambalo wengi wangelifanya. Haanzi kwa kuzigeuza saa zote ziwe saa za Singida. Anaanza kwa kupokea. Faili la Kigali, la Lubumbashi, la Dubai na la Dar, kila moja analihifadhi kama lilivyokuja, analifunga lisiandikike, kisha anafanya nakala na kufungua ile nakala. Kwenye nakala anaongeza safu tatu mkono wa kulia wa muhuri wa asili: mahali muhuri ulipopigwa, saa hiyo ikisomwa kwa saa ya Singida, na ya tatu, iliyo tupu kwa siku nzima ya kwanza, tarehe ya hesabu. Muhuri wa asili haguswi hata kama unaonekana wazi kuwa umekosea. Mkaguzi wa hesabu akija mwakani atataka kuuona kama ulivyozaliwa.

Safu ya mahali ina thamani yake. Angeweza kuandika tu "+2" kwa Kigali na "+4" kwa Dubai, kwa kuwa saa za huku haziendi mbele wala nyuma kwa majira. Yeye anaandika jina kamili ambalo kompyuta inalijua, `Africa/Kigali`, `Africa/Lubumbashi`, `Asia/Dubai`, kisha tofauti ya saa pembeni. Alipomweleza kijana sababu, alitaja Juba. Sudan Kusini ilitumia saa ile ile tunayoitumia sisi hadi tarehe 1 Februari 2021, ilipojirudisha nyuma kwa saa moja. Aliyekuwa ameandika "+3" kwenye majedwali yake bila jina la mahali hakuwa na njia ya kujua mistari ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada.

Kisha anayakagua mafaili kwa macho. Hapa nilijifunza kitu ambacho tangu siku hiyo sijaacha kukiangalia. Faili la Dubai linatoka kwenye kompyuta inayoandika mwezi kwanza, siku baadaye. Likifunguliwa Singida, ambako siku hutangulia, manunuzi ya tarehe 5 Julai yaliyoandikwa `7/5/2025` husomeka kuwa ya tarehe 7 Mei, na kompyuta hailalamiki. Ikifika tarehe 13, haiwezi tena kudanganywa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Inaiacha `7/13/2025` kama maandishi tu. Dalili yake inaonekana bila kusoma hata tarakimu moja: tarehe ya kweli kwenye Excel hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Mama huyu anashuka na safu ile polepole, na ukingo wake unapokatika, mistari mingine kulia, mingine kushoto, anajua amekutana na faili lenye mwezi mbele. Haanzi kusahihisha mstari mmoja mmoja. Anaitupa nakala, anaingiza faili upya huku akiiambia kompyuta mapema kuwa mwezi unatangulia, na safu yote inasimama kulia.

Mistari ikishasimama, ndipo anageuza saa. Muhuri uko kwenye safu ya D, tofauti yake na saa ya dunia iko E, na Singida iko saa tatu mbele ya saa ya dunia:

```
=D2+(3-E2)/24
```

Kwa Kigali, ambako E ni 2, fomula inaongeza saa moja. Kwa Dubai, ambako ni 4, inapunguza saa moja. Kwa mauzo ya Lubumbashi anaandika 0, kwa sababu ijapokuwa mji wenyewe uko saa mbili mbele ya saa ya dunia, muhuri wake umepigwa na ile kompyuta ya UTC. Herufi `Z` mwishoni mwa muhuri ndiyo inayolisema hilo, na faili linapoingizwa Excel herufi hiyo huondolewa ili saa iweze kuhesabika. Ndiyo maana anaiandika maana yake pembeni kabla haijatoweka.

Sasa anazo saa zote katika mstari mmoja, na mtu mwenye haraka angesema kazi imeisha: kila kilicho kabla ya saa sita usiku wa Singida ni Julai, kilichobaki ni Agosti. Nilidhani hivyo mwenyewe, na ndipo nilipoona ustadi wake ulipo. Ile safu ya saa ya Singida haitumii kuamua mwezi. Anaitumia kupanga mambo kwa mfuatano wake na kuoanisha pande mbili za tukio moja. Mwezi unaamuliwa na tukio lenyewe, mahali lilipotokea, kwa tarehe ya mahali hapo: mzigo ulipokelewa lini, bidhaa ilikabidhiwa lini kwa mteja. Muhuri ni shahidi mmoja tu, na yeye humsikiliza pamoja na mashahidi wengine.

Anachuja mistari inayoangukia kati ya saa kumi na mbili jioni ya tarehe 31 na saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 1, pamoja na ile yenye muhuri wa baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 31. Mwezi mzima una maelfu ya maingizo. Yaliyo katika saa hizo ni machache, ukurasa mmoja na nusu, naye anauchapisha, anachukua penseli na kuanza juu.

Siku ile yenyewe ilikuwa na ugumu wake. Tarehe 1 Agosti 2025 iliangukia Ijumaa. Kongo tarehe mosi Agosti ni sikukuu ya wazazi. Rwanda Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Dubai Ijumaa wengi hufanya kazi nusu siku. Kwa hiyo matawi ya Kigali na Lubumbashi yalikuwa yamefungwa, na Dubai isingekaa ofisini siku nzima. Kijana alitaka kumpigia mtunza ghala wa Kigali kwenye namba yake ya nyumbani. "Mwache ale na watoto wake," mama akasema. "Karatasi zake hazijaenda likizo." Tangu hapo alifanya kazi na yale yaliyoandikwa, na yasiyopata jibu aliyawekea duara la penseli yangoje Jumatatu.

Mstari wa tatu kwenye ukurasa ulikuwa ununuzi wa alizeti, kilo 4,260, kutoka kituo cha ununuzi kijijini. Karani wa mizani kule huandika kwa mkono, kwa saa zetu za Kiswahili: "31/7, saa 6:20 usiku." Kompyuta ya kiwandani haijui saa sita ya usiku, na aliyeingiza aliandika `31/07/2025 00:20`. Kwa maandishi hayo magunia yalipimwa dakika 20 baada ya Julai 30 kuisha. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa karani alikuwa bado hajalala, akaihesabu ile kuwa tarehe 31 kwa kuwa kwake siku ilikuwa haijaisha, ingawa kalenda ilikuwa imeshageuka kuwa Agosti.

Mama hakukisia. Alimwomba kijana alete kitabu cha stakabadhi cha kituo, kile chenye namba zilizochapwa kiwandani ambazo karani hawezi kuziandika apendavyo. Stakabadhi hii ilikuwa namba 4418. Akafungua iliyotangulia, 4417: tarehe 31, saa 5:45 usiku. Akafungua iliyofuata, 4419: tarehe 1 Agosti, saa 1:10 asubuhi. Basi magunia haya yalipimwa baada ya saa 5:45 usiku wa tarehe 31 na kabla ya asubuhi ya tarehe 1, na saa 6:20 inayokaa katikati hapo ni moja tu. Ilikuwa Agosti. Mtu anaweza kukosea tarehe, na saa ya ukutani inaweza kuchelewa, lakini karatasi zilizochapwa kwa mfuatano haziruki foleni, maadamu hakuna iliyochanwa. Naye alihakikisha hakuna iliyochanwa. Alipitisha kidole kwenye kingo za kitabu kizima.

Kuuhamisha ununuzi huo kwenda Agosti kuna pande mbili. Deni kwa mkulima linatoka Julai, na alizeti nayo lazima itoke kwenye akiba ya Julai. Akafungua karatasi za kuhesabu ghala za usiku wa tarehe 31 kuona kama yale magunia yamehesabiwa. Hayakuwemo, yalikuwa bado kijijini. Vizuri. Yangekuwemo, ingembidi ayaondoe huko pia, la sivyo Julai ingebaki na alizeti ambayo haikununuliwa na mtu yeyote.

Mstari wa Kigali ulichukua asubuhi nzima iliyobaki, na haukuanzia kwenye ule ukurasa. Ulianzia kwenye leja ya mizigo iliyo njiani. Mafuta yakitoka kiwandani kwenda tawi la nje huhamia kwenye akaunti hiyo, na tawi likipokea hutoka. Mwisho wa mwezi salio lake linapaswa kulingana na orodha ya malori ambayo kweli bado yako barabarani. Leja ilisema shilingi 131,000,000. Orodha ilikuwa na malori ya Lubumbashi peke yake, jumla 83,000,000. Tofauti: 48,000,000 kamili.

Alifurahi kuiona tofauti hiyo ikiwa kamili, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Tofauti yenye vipande vipande, alisema, ina watoto wengi ndani yake. Yenye sifuri sita huwa ni hati moja. Akatafuta hati yenye kiasi hicho. Ilikuwepo: madumu 600 ya lita 20, kila moja kwa gharama ya shilingi 80,000, yaliyotoka Singida tarehe 29. Kigali walikuwa wameyapokea. Picha ya hati ya mapokezi ilikuwa na sahihi ya mtunza ghala na muhuri wa tawi, na chini yake, kwa wino wa buluu, 31/07, 23:25.

Huko Kigali ilikuwa saa 5:25 usiku, bado Julai. Mtunza ghala alipobonyeza kitufe cha kupokea, mfumo wa Singida ulipiga saa yake wenyewe: `01/08/2025 00:25`. Tukio moja, dakika ile ile, lenye miezi miwili. Tawi la Kigali likahesabu madumu 600 kuwa yake ya Julai, na Singida ikayahesabu kuwa bado yako njiani mwisho wa Julai. Hesabu za matawi zinapounganishwa kuwa za kampuni moja, mafuta hayo yangeonekana mara mbili: mara ghalani Kigali, mara barabarani. Kampuni ingejitangazia mali ya shilingi milioni 48 ambayo haipo. Na kila tawi likiangaliwa peke yake lisingeonekana kuwa na kosa lolote, maana kila upande uliandika saa yake kwa uaminifu.

Kanuni yao imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati: mzigo kati ya matawi hufuata tarehe ya mahali ulipopokelewa. Angeweza kuingia kwenye mfumo na kuibadili tarehe 1 Agosti iwe 31 Julai, jambo la sekunde mbili. Hakufanya hivyo. Aliandika ingizo jipya la tarehe 31 Julai, debiti akaunti ya tawi la Kigali 48,000,000, krediti mizigo iliyo njiani 48,000,000, akaeleza chini yake muhuri wa Kigali na muhuri wa Singida vyote viwili. Kisha akaandika la pili, la kulirudisha nyuma lile la kwanza, tarehe 1 Agosti, ili lile ingizo ambalo mfumo ulijiandikia usiku lisije likahesabiwa mara ya pili. Maingizo matatu kwa jambo moja. Kijana aliona ni mzunguko mrefu. Mama akamwonyesha leja: Julai ilibaki na 83,000,000 zinazolingana na malori, Agosti ikaanza bila mzigo huo, na hakuna mstari uliofutwa.

Lubumbashi ndiko kulikonishangaza zaidi. Kulikuwa na mauzo tisa yenye muhuri wa dakika moja, yakipishana kwa sekunde chache. Saa ile ikisomwa mahali pote huwa hivi:

```
2025-07-31T22:40:00Z   (saa ya dunia)
2025-08-01 00:40       (Lubumbashi)
2025-08-01 01:40       (Singida)
```

Ukiusoma muhuri bila kuugeuza, ni Julai. Ukiugeuza kwa usahihi kabisa, ni Agosti, iwe kwa Lubumbashi au kwa Singida. Nilitarajia ayapeleke Agosti. Yeye aliuliza kwanza swali la kawaida: ni nani anauza mafuta kwa jumla saa sita na dakika 40 usiku, wateja tisa ndani ya dakika moja? Hakuna. Ule haukuwa wakati wa kuuza. Ulikuwa wakati ambapo karani, baada ya kufunga duka na kuhesabu fedha, aliketi na kuyatuma mauzo ya siku nzima kwa mkupuo, pengine baada ya mtandao kurudi. Akafungua risiti za mkono zilizopigwa picha. Zote tisa ziliandikwa mchana wa tarehe 31. Kwa hiyo ni Julai, kama muhuri ulivyosema kabla ya kugeuzwa, ila muhuri ulipatia kwa bahati. Mwezi ambao karani atatuma baada ya saa nane usiku kwa saa yake, muhuri wa UTC nao utasema mwezi mpya, na bahati hiyo haitakuwepo.

Hata hivyo hakuzipitisha zote tisa pamoja. Alisoma kila risiti mpaka chini, na kwenye ya saba kulikuwa na maneno machache ya Kifaransa: mteja amelipa, atachukua Jumamosi. Fedha zilikuwa za Julai, ziko kwenye sanduku na zilihesabiwa usiku ule. Mafuta yalikuwa bado ya kampuni, yamesimama ghalani, na karani wa ghala aliyahesabu humo kwa haki. Mauzo basi yalikuwa hayajafanyika. Akaziacha nane kuwa mauzo ya Julai, na ya saba akaiandika kuwa amana ya mteja, deni la kampuni kwake mpaka Jumamosi atakapokuja na gari. Kati ya mambo yote aliyoyafanya siku ile, hili ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwa sababu hakuna fomula ya saa ingeweza kuligundua. Liligunduliwa kwa kusoma risiti ya saba kwa umakini ule ule wa risiti ya kwanza.

Mauzo ya ndani ya nchi hayakumpa kazi kubwa. Risiti ya mashine ya EFD ina tarehe na saa yake, na taarifa ya Z inayofunga siku inaonyesha jumla. Kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ritani yake hutakiwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hesabu zake lazima zikubaliane na mashine hiyo. Akalinganisha jumla ya Julai ya leja na jumla ya taarifa za Z, zikalingana, akaweka alama ya vema na kuendelea.

Jumatatu tarehe 4 matawi yalifunguliwa. Mtunza ghala wa Kigali alithibitisha saa aliyoiandika, na akasema dereva alisaini mbele yake. Duara moja la penseli likafutwa. Mengine mawili ya Dubai yalihusu ankara za vipuri, yalijibiwa jioni. Ndipo mama akaijaza ile safu ya tatu iliyokuwa tupu, tarehe ya hesabu, mstari kwa mstari, akiwa na karatasi ya ushahidi mkono wa kushoto kila mara. Akatoa urari, pande mbili zikalingana, akautoa tena baada ya kutafsiri masalio ya fedha za kigeni kwa viwango vya tarehe 31, zikalingana tena. Jumatano akaufunga mwezi kwenye mfumo, siku mbili kabla ya Nane Nane, ili mtu yeyote asiweze kuingiza kitu ndani ya Julai bila yeye kujua.

Kitu cha mwisho alichokifanya kilikuwa barua fupi kwa matawi yote. Aliomba kuanzia Agosti kila hati ya mapokezi iandikwe saa ya mahali pamoja na jina la mji, na Lubumbashi waongeze safu moja kwenye kile wanachokituma: tarehe ya risiti, tofauti na saa ya kutuma. Kwa karani wa kijijini aliandika kwa mkono, kwa heshima, kwamba akipima alizeti baada ya saa sita usiku aandike tarehe ya kesho yake, na akampa mfano wa stakabadhi namba 4418.